Doo Isiyongoja Mvua

Msee wa Ukambani huanza kuwekeza kabla hata ajue ameanza. Mathe ana mbuzi Mutomo, buda ana miembe Kalamba, wewe uko na nduthi Wote, na sista yako anashikilia ka-duka ka M-Pesa hapo Kabati. Ukizihesabu unaona vitu nne tofauti. Lakini cheki vizuri, zote zinafuata kitu moja: mvua ya Oktoba hadi Disemba. Huku hio ndo mvua ya maana, juu ile ya Machi hutuangusha sana. Ikinyesha fiti, ndengu zinatoka mapema mwaka unaofuata, wasee wa Kitui wanapata mbesa, nduthi inabeba magunia na abiria, na duka la M-Pesa linatoa doo mpaka floti inaisha. Ikikataa, mbuzi inakonda, na wiki hio hio kila boma linataka kuuza mbuzi, so bei inaanguka kabisa. Mteja wa nduthi anaamua kutembea na mguu. Sista anakaa dukani siku mzima akicheki simu.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu iliangusha watu ikifuatana, na kila mtu huku aliona vile hizo vitu nne hulala chini pamoja. Hapo ndo mimi huanzia nikibonga na mbogi yangu kuhusu kuwekeza. Watu huuliza ni hisa gani itaomoka. Mi nauliza, ni doo gani uko nayo ambayo haijali kama kumenyesha Kibwezi ama hakujanyesha? Wengi hawana hata soo ya aina hio.

Kuna njia ya kuipata, na haitaki uwe umesomea pesa. Inaitwa fandi ya indeksi. Indeksi ni orodha ya kampuni iliyopangwa kwa sheria inayojulikana, mara nyingi kwa ukubwa: kampuni kubwa inachukua nafasi kubwa, ndogo inachukua kidogo. Fandi ya indeksi inachukua doo yako na ya wengine, inanunua kila kitu kwa hio orodha vile ilivyo, basi. Hakuna mdosi mwenye suti anaketi kuchagua ni gani itapanda. Fikiria mathe ameenda soko ya Kalundu, na badala ya kuchagua fungu moja ananunua kidogo kwa kila meza, anajaza kyondo. Meza moja ikiwa na nyanya zimeoza, hasara ni ya fungu moja.

Mwenye alileta hii kitu kwa watu wa kawaida ni Mmarekani, John Bogle. Alianzisha kampuni ya Vanguard 1975, na mwaka uliofuata akatoa fandi ya kwanza ya indeksi ambayo raia yeyote angenunua. Wajuaji wa wakati huo walimcheka, eti nani anataka kupata matokeo ya kati tu? Hesabu yake ilikuwa rahisi sana. Ukichukua wanunuzi wote wa soko pamoja, wao ndo soko, so kwa jumla hawaezi kulishinda. Ukitoa ada wanazolipa kuchaguliwa hisa, kwa jumla lazima wabaki nyuma. Mwenye analipa ada kidogo anabaki mbele ya wengi wao bila kujua kitu ingine yoyote.

Ada ndo mahali wasee hupigwa bila kuskia. Tuseme uko na 100,000 na soko linalipa asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 20. Fandi ikikata asilimia 0.35 kwa mwaka, unamaliza na kama 437,000. Fandi ikikata asilimia 2.5, unamaliza na kama 292,000. Soko ni lile lile, miaka ni ile ile, lakini 145,000 imeenda kwa wenye fandi. Hutaona siku hata moja ikitoka, juu inakatwa ndani kwa ndani, polepole. Kwa hivyo kabla uulize fandi ililipa ngapi mwaka jana, uliza inakata ngapi kila mwaka. Ya mwaka jana imeshapita. Makato yatakuja kila mwaka, soko lipande ama lianguke.

Sasa, kwa nini nisikuambie ununue tu soko ya Kenya mzima? Juu soko yetu ni ndogo na imelalia kampuni moja. Indeksi ya kampuni zote za soko la hisa la Nairobi inaitwa NASI. Kuna wakati Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Mnamo Agosti 2021 hisa yake ilikuwa juu ya 40 bob. Kufika mwisho wa 2023 ilikuwa imeshuka hadi karibu 14. Ikaburuta NASI nayo, na mwaka huo wa 2023 indeksi ikapoteza zaidi ya robo. Alafu 2024 ikarudi juu kwa kishindo. Mwenye alidhani amesambaza doo kwa kampuni nyingi alikuwa amepanda mgongo wa moja. Halafu ongeza hii: hizo benki na hio Safaricom zinategemea uchumi ule ule unaolipa wateja wako. Mwaka Kenya ikisota, nduthi yako na hisa zako zitasota pamoja.

Watu wakubwa huku bado wana kidonda cha 2008. Safaricom iliuzwa kwa raia kwa 5 bob, watu wakauza ng'ombe, wengine wakachukua loni benki, na juu waombaji walikuwa wengi kupita kiasi, kila mtu akagawiwa kidogo. Bei iliruka siku za kwanza, alafu kufika 2009 ilikuwa chini ya 3 bob. Mwenye alikuwa amekopa aliuza kwa hasara. Mwenye alinunua na doo yake na akatulia, baadaye ile 5 bob ilizaa mara kadhaa. Ndo maana ukitaja hisa kwa kikao Tawa ama Mwingi, mzee mmoja atakuambia ni wizi na mwingine atakuambia zilimjengea nyumba. Wote wanasema ukweli. Tofauti ilikuwa ni doo ya aina gani waliingia nayo.

Mpaka juzi, kununua dunia kutoka hapa kulihitaji broka wa ng'ambo na dola. Mwaka 2025 mambo yalibadilika: fandi inaitwa Satrix MSCI World Feeder ETF iliingia kwa soko la Nairobi. Satrix ni wasee wa Afrika Kusini, chini ya Sanlam. ETF maana yake tu ni fandi inayouzwa sokoni kama hisa: unanunua yuniti kwa bei ya wakati huo, kwa shilingi, na inakaa kwa akaunti yako ya CDS kama hisa ingine yoyote. Kabla yake Nairobi ilikuwa na ETF moja tu, NewGold ya dhahabu iliyoingia 2017, na dhahabu si fandi ya kampuni.

Hio MSCI World ni orodha ya kampuni kubwa na za kati, kama 1,300 na zaidi, kutoka nchi 23 zilizoendelea. Kama asilimia 70 ya doo iko Marekani, zingine ziko Japani, Uingereza, Kanada, Ulaya na kwingine. Utapata Apple na Microsoft, lakini pia Toyota, ile inatengeneza Probox zinakubeba kutoka Wote hadi Machakos, na Coca-Cola ile iko kwa friji ya kila hoteli ya Emali. Kuwa macho na jina, lakini. Inaitwa ya dunia na haina dunia yote. Kenya haimo. Uchina na India hazimo. Ile Boksa unaendesha inatengenezwa na Bajaj ya India, so faida ya Bajaj hutaiona hapo. Bado, kwa mtu ambaye kila kitu chake kiko kati ya Mtito Andei na Mwingi, huo ni umbali wa kutosha.

Lakini usinunue kesho. Kuna doo inakuja kwanza.

Hisa za dunia zinaweza kuanguka nusu. Kati ya mwisho wa 2007 na Machi 2009 zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani, na ilichukua miaka kurudi. Kama mtoto atalazwa mwezi huo, ama injini ya nduthi ikufe, utalazimika kuuza chini. Yaani fandi nzuri inageuka hasara juu ya haraka yako. So msingi unakuwa mani maketi, ile wasee huita MMF. Hio ni fandi inayokopesha serikali na benki kwa muda mfupi, inalipa riba kila siku, na doo unaitoa ndani ya siku moja ama mbili, zingine saa hio hio. Ziidi ya Safaricom, iliyoanza Januari 2025, inakubali kuanzia soo moja kutoka kwa M-Pesa. Ziko zingine nyingi zenye leseni, na tofauti zao ni ndogo kuliko vile matangazo yanasema.

Na usishtuke riba ikishuka. Mwaka 2024 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13, na MMF zingine zilikuwa zinalipa 15 na zaidi. Benki Kuu ilianza kushusha Agosti mwaka huo, kufika Disemba 2025 ilikuwa 9, na MMF zote zikafuata chini. Mdosi wa fandi yako hajakuibia. Alafu kumbuka serikali inachukua asilimia 15 ya riba, so MMF ikisema 10, mkononi ni 8.5. Yenye inaahidi 20 wakati zingine zote ziko 10, toka hapo mbio.

Wacha tuweke mtu kwa hii hesabu. Tuseme ni kijana wa nduthi Wote. Matumizi yake ni 15,000 kwa mwezi: keja, dishi, na kitu kidogo anatumia mwaitu. Akishatoa mafuta na sakko, anabakisha 3,000. Nyumbani Kalamba kuna miembe, na Januari mnunuzi akija, sehemu yake ni 30,000. Hana deni la apu. Angekuwa nalo, hio 30,000 ingeenda kulipa deni kwanza, juu riba ya zile apu inapita chochote soko litakulipa.

Lengo lake la kwanza ni miezi mitatu ya matumizi, yaani 45,000, ndani ya MMF. Ile 30,000 ya maembe anaiweka yote siku amelipwa, kabla ijue njia ya kwenda base. Alafu 3,000 kila mwezi kwa miezi mitano. Kufika Juni ako na 45,000. Mtu mwenye mapato yake yanategemea mvua kabisa, kama mkulima wa ndengu Zombe asiye na kazi ingine, mi nitamwambia asiishie miezi mitatu. Aende hadi sita ama hata msimu mzima, juu yeye hulipwa mara moja kwa mwaka, na msimu unaweza kukosa.

Kuanzia Julai, ile 3,000 inagawanywa nusu kwa nusu. 1,500 ni ya dunia, 1,500 inabaki hapa nyumbani kwa MMF, juu ya ile ya dharura. Kwa nini nusu? Juu hajawahi kuona doo yake ikishuka. Nusu ikiwa imetulia, siku dunia ikianguka asilimia 40, jumla ya uwekezaji wake itakuwa imeanguka 20. Hio inauma lakini watu wengi huivumilia. Mwenye ameshaona anguko moja na hakuuza anaweza kusogeza hadi 70 kwa dunia. Mwenye anajijua ana moyo wa karatasi, 30 ni sawa na hakuna aibu. Hio asilimia utakayoshikilia wakati mambo ni mabaya ina maana kuliko ile inaonekana kali leo.

Sasa kununua kwenyewe. Anahitaji akaunti ya CDS, na hio inafunguliwa kupitia broka mwenye leseni ya CMA. Kitambulisho, PIN ya KRA, picha, na mahali doo itarudi ukiuza. Broka wengi siku hizi wanakufungulia kwa simu, huhitaji kupanda mat kwenda Nairobi. Orodha ya wenye leseni iko kwa tovuti ya CMA, na jina la broka lazima ulione hapo kwa macho yako, usikubali picha umetumiwa kwa WhatsApp.

Hapa kuna mtego wa hesabu ndogo. Bei ya yuniti inabadilika kila siku, tuseme leo ni 800. Komisheni kwa doo kidogo huwa karibu asilimia 2, lakini broka wengine wana kiwango cha chini, tuseme soo moja kwa kila oda. Kijana wetu akikimbia kununua kila mwezi na 1,500 yake, anapata yuniti moja ya 800 na analipa 100. Hio ni asilimia 12.5 imeenda kabla hajaanza. Sasa akiacha ile 1,500 ilale kwa MMF miezi mitatu, anakuwa na 4,500. Ananunua yuniti tano kwa 4,000, analipa 100 ile ile, na 400 inabaki kungojea robo ijayo. Gharama imeshuka hadi asilimia 2.5, na wakati ilikuwa inangoja ilikuwa inakula riba. Uliza broka swali moja kabla ya kufungua: komisheni yenu ni asilimia ngapi, na ya chini kabisa ni pesa ngapi?

Mtego wa pili ni soko lenyewe kuwa kimya. ETF kwa soko la Nairobi hazina wanunuzi wengi kama Safaricom. NewGold imewahi kukaa siku nyingi bila yuniti hata moja kuuzwa. Mahali pakiwa kimya, mwenye anauza anaweza kuweka bei ya ajabu na oda yako ikamnunua bila wewe kujua. Dawa yake ni oda yenye bei: unaandika mwenyewe bei ya juu kabisa utakayolipa, isipopatikana unangoja. Kujua bei ya haki, hio fandi pia inauzwa Johanesibagi. Chukua bei ya huko kwa randi, zidisha kwa shilingi ngapi zinanunua randi moja, utapata karibu bei inayostahili hapa. Kukiwa na tofauti ya asilimia moja ama mbili, sawa. Ikiwa ni kumi, weka simu mfukoni urudi wiki ijayo. Na siku ya kuuza jua doo inakuja siku tatu za kazi baadaye, ukishampata mnunuzi. Hio pia ni sababu ya dharura kukaa MMF.

Alafu kuna shilingi. Hii wasee wengi hawaambiwi. Ndani ya fandi kuna kampuni zinazolipwa dola, yeni na yuro, so thamani kwa shilingi inacheza na bei ya dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu 160. Kufika Aprili ilikuwa karibu 130. Mtu aliyeweka 16,000 Januari alikuwa na dola 100, na hizo dola 100, hata kama soko halingesonga, zilikuwa 13,000 Aprili. Amepoteza karibu asilimia 19 juu shilingi imepata nguvu. Upande ule mwingine ni kwamba mapema 2008 dola ilikuwa 60 na kitu, na 2025 ilikuwa 129. Kwa miaka mingi shilingi imepungua nguvu, na doo iliyo nje imemlinda mwenyewe. Kwa miezi mitatu hakuna anayejua itaenda wapi. Ndo maana kununua kila robo mwaka ni salama kuliko kutupa 60,000 zote siku moja juu mtu wa TikTok amesema dola inapanda.

Wenye wako na broka wa ng'ambo, ama bro yuko Dalasi na anataka kuwasaidia, wajue tu hii moja. Fandi zilizosajiliwa Marekani, kama VT ya Vanguard, zinamkata Mkenya asilimia 30 ya kila gawio, na mtu akifariki akiwa na mali ya Marekani zaidi ya dola 60,000, ushuru wa urithi wa huko unaingia. Fandi zilizosajiliwa Ayalandi, kama VWRA inayouzwa London, zinakatwa asilimia 15 kwa gawio la Marekani ndani ya fandi, na huo ushuru wa urithi hauzigusi. Kyondo ni karibu ile ile, na zote mbili ziko na India na Uchina ndani.

Rudi kwa kijana wa Wote. Miaka imepita, upande wa dunia uko 60,000 na upande wa nyumbani, mbali na dharura, uko 60,000. Alafu dunia inaanguka asilimia 30. Sasa ni 42,000 dhidi ya 60,000. Simu imejaa habari mbaya, na kila mtu kwa base anamwambia angeweka kwa shamba. Anafanya nini? Hauzi kitu. Kwa miezi sita ile 3,000 yote inaenda dunia, bado akinunua kila robo. Kama bei haijasonga, anafika 60,000 kwa 60,000 tena, na zile yuniti amezinunua bei ya chini. Hio ndo kazi yote ya kusawazisha, na mara moja kwa mwaka inatosha. Mi hupendekeza mwezi ule ndengu zinauzwa, juu kila mtu huku anaukumbuka na kuna doo mpya ya kuelekeza.

Upande wa nyumbani ukipita 50,000, anaweza kutoka MMF aingie bondi ya serikali kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, apu ya bure, kiwango cha chini 50,000. Bondi inalipa kila miezi sita na kiwango chake kimefungwa, so Benki Kuu ikishusha riba yeye haguswi. Lakini ni ya doo iliyotulia kabisa. Ukihitaji kuiuza kabla ya muda wake na riba za soko zimepanda, utaiuza kwa hasara.

Kitu ya mwisho ni kucheki rekodi. Mwaka 2008 broka Nyaga Stockbrokers alianguka, na ikajulikana kuna wateja hisa zao ziliuzwa bila wao kujua. Mwenye anasoma karatasi hugundua mapema. So kila ukinunua, usiamini tu kile apu ya broka inaonyesha. Itisha taarifa ya CDS yenyewe, ile inatoka CDSC, uhesabu yuniti moja moja kama zinalingana. Na doo inatumwa kwa Peibili ya kampuni yenye leseni tu. Mtu akikupa namba yake ya M-Pesa akusaidie kununua ETF, huyo ni mwizi hata kama mlisoma pamoja SEKU.

Kama uko na karo ya Januari, mahari ya mwaka ujao, ama doo ya kuchimba kisima kabla ya Oktoba, hio isiguse dunia hata kidogo. Iache MMF. Kwa dunia peleka ile tu ambayo unaweza kuisahau miaka saba ama kumi. Kama kwa sasa hauna hio, wiki hii fungua MMF uanze na soo, na CDS itafuata ukishafika miezi yako mitatu.